Kiingereza Hakina Tarehe ya Kuisha, Waungwana

Wadau, maziwa yana tarehe ya kuisha. Panadol ina tarehe ya kuisha. Hata kondomu ina tarehe ya kuisha, na ni vizuri kuisoma kabla. Lakini naomba mtu mwenye akili timamu anieleze jinsi Kiingereza alichonacho mtu mzima kichwani kinavyoweza kuwa halali Jumatatu na kuwa batili Jumanne, eti kwa sababu miezi 24 imetimia usiku wa kuamkia siku hiyo.

Nauliza kwa sababu kwetu Rungwe hili limekuwa jambo la mjini. Ukikaa pale Tukuyu na wauguzi wa Makandana, au ukipanda hadi Igogwe, mazungumzo ya vijana hayachukui muda kabla ya kufika kwenye herufi tano: IELTS. Nani amepata ngapi, nani kakosa nusu alama, cheti cha nani kinaisha mwezi gani. Utadhani mnazungumzia bima ya bodaboda.

Kwa msiofuatilia, nieleze kidogo. Muuguzi wa Tanzania anayetaka kufanya kazi Uingereza kama muuguzi, siyo kubeba boksi, lazima aingie kwenye rejista ya Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko, yaani NMC. Mojawapo ya masharti ni kuthibitisha Kiingereza. Njia iliyozoeleka ni mtihani wa IELTS, ule wa kitaaluma. NMC wanataka 7.0 kwenye usikilizaji, 7.0 kwenye usomaji, 7.0 kwenye uzungumzaji na 6.5 kwenye uandishi, na wastani wa jumla 7.0. Ipo pia OET, mtihani uliotungwa mahususi kwa watu wa afya. Huko unatakiwa kupata B kwenye maeneo matatu ya kwanza na C+ kwenye uandishi. Majibu ya mitihani yote miwili yanahesabika kwa miaka miwili tu.

Sina ugomvi na kuwapo kwa mtihani. Mgonjwa wa Leeds au Cardiff ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayemwelewa anapolalamika kifua kinabana. Tena simu ya usiku kutoka kwa daktari, miligramu zinatajwa harakaharaka, ukisikia vibaya mtu anakufa. Hilo nalikubali bila kusita. Ugomvi wangu ni na saa iliyofungwa kwenye cheti, na jinsi saa hiyo inavyomla zaidi mtu wa Tukuyu kuliko mtu mwingine yeyote.

Tupige hesabu ili tusionekane tunalalama tu. Chukueni muuguzi wa mfano, dada mwenye stashahada na miaka minne wodini. Februari 2024 anapanda basi, zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, anafanya IELTS. Usikilizaji anapata 7.5, usomaji 7.0, uzungumzaji 7.0, uandishi 6.0. Jumlisha, gawanya kwa nne, unapata 6.875. IELTS wanakizungusha kiwango hicho juu hadi 7.0. Kwa hiyo cheti kinasomeka wastani wa 7.0, familia inachinja kuku, lakini NMC wanasema hapana, uandishi haukufika 6.5.

Hajafa moyo, maana kuna kanuni ya kuunganisha vyeti viwili. Tangu Februari 2023 NMC wanaruhusu uchukue alama bora za mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12. Kabla ya hapo ilikuwa miezi sita. Sharti ni kwamba kwenye mtihani wowote kati ya hiyo miwili usishuke chini ya 6.5 kwenye usikilizaji, usomaji na uzungumzaji, wala chini ya 6.0 kwenye uandishi. Angalieni jinsi dada yetu alivyopona kwenye tundu la sindano: angepata 5.5 kwenye uandishi, cheti chake cha kwanza kisingeunganika na kitu chochote. Kingebaki cha kufungia maandazi.

Anakusanya nauli na ada upya. Novemba 2024 anarudi Dar. Safari hii uandishi 6.5, usikilizaji 7.0, uzungumzaji 7.0, ila usomaji umeteleza hadi 6.5. Kila cheti peke yake kimefeli. Ukiviunganisha, kila eneo limefika. Amefaulu!

Sasa hapa ndipo wengi wanapopigwa changa la macho. Anadhani ana miaka miwili kuanzia Novemba 2024. Hana. Ushahidi wake umesimama kwa miguu miwili, na mguu wa kwanza ni wa Februari 2024. Ukianguka huo, nyumba yote imeanguka. Ana hadi Februari 2026. Siku aliyofaulu, saa ilikuwa imekwisha kula miezi tisa. Na kama angechelewa kukusanya nauli, akafanya mtihani wa pili Machi 2025 badala ya Novemba, dirisha la miezi 12 lingekuwa limeshafungwa. Tofauti kati ya kufaulu na kufeli ingekuwa mavuno ya chai ya mama yake, wala Kiingereza kisingehusika.

Mtaniuliza, miezi 15 iliyobaki haimtoshi? Ingemtosha kama kila kitu kingemsubiri mezani. Lakini kuna uthibitisho wa leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kuna kumbukumbu za masomo kutoka chuoni, kuna mtihani wa kinadharia wa NMC wa kompyuta, na kuna kutafuta mwajiri. Hilo la mwisho ndilo jiwe kubwa.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, iliyotolewa 2023. Uingereza imeichukua orodha hiyo na kuipa rangi nyekundu. Maana yake hospitali za Uingereza na mawakala wao hawaruhusiwi kuja huku kutuchukua. Muuguzi wa Tukuyu anaruhusiwa kuomba mwenyewe, moja kwa moja, kwa juhudi zake. Majirani zetu Wakenya walisaini mkataba na Uingereza mwaka 2021, kwa hiyo wao wana njia rasmi. Mnyakyusa yeye abishe hodi mlango mmoja mmoja kwa barua pepe, wakati huohuo kikokotoo cha cheti kinakwenda. Na tangu 2024 hospitali za Uingereza zimepunguza sana kuajiri kutoka nje. Unaomba, unasubiri, unaomba, unasubiri, mpaka siku unapopata usaili unaambiwa: dada, cheti chako cha Kiingereza kimeisha, karibu tena Dar es Salaam.

Mwenye hoja ya upinzani atasema: lakini lugha husahaulika! Dada huyo yuko Makandana, wagonjwa wake ni mabibi wa Kiwira na Masoko, asubuhi ni "ugonile", mchana ni Kiswahili, Kiingereza anakiona kwenye faili tu. Baada ya miaka miwili kitakuwa kimepata kutu.

Hoja hiyo ina uzito, nisiipuuze. Mwanasaikolojia Harry Bahrick alichapisha utafiti mwaka 1984 kuhusu watu zaidi ya 700 waliosoma Kihispania shuleni, akawapima hadi miaka 50 baadaye. Kweli, alikuta watu wanapoteza mengi kwenye miaka mitatu hadi sita ya mwanzo. Lakini alikuta pia kwamba kilichobaki baada ya hapo kilikaa kwa miongo, na kwamba aliyejifunza kwa kina alibaki na mengi kuliko aliyejifunza juujuu. Yaani kusahau kunategemea ulikuwa na kiasi gani mwanzoni. Sasa mtu aliyefika 7.0 siyo mtu wa kuokoteza maneno. Lakini kanuni haiulizi ulikuwa na kiasi gani. Aliyepata 9.0 na aliyepata 7.0 vyeti vyao vinakufa siku moja.

Na hata wenye mtihani wenyewe hawajasema hivyo! Waliotunga IELTS wanapendekeza kwamba cheti chenye zaidi ya miaka miwili kisikubaliwe, isipokuwa kama mtu anaonyesha ushahidi kwamba amekuwa akikitunza au kukiendeleza Kiingereza chake. Wameacha mlango. Aliyeufunga ni mtumiaji wa cheti. Waaustralia wao wameutumia mlango huo: mamlaka yao inaweza kupokea majibu ya zamani zaidi ya miaka miwili ikiwa muda huo mtu amekuwa akifanya kazi ya afya mfululizo kwenye nchi inayotambuliwa inayotumia Kiingereza, au akisoma kozi iliyoidhinishwa. Mlango huo nao haumfikii mtu wa Tukuyu, lakini angalau unaonyesha kwamba miaka miwili siyo amri iliyoshuka mlima Sinai. Na Wajerumani? Vyeti vya taasisi ya Goethe havina tarehe ya kuisha kabisa. Anayekipokea anaweza kudai kiwe kipya, lakini cheti chenyewe hakijiui.

Sasa niwape ile ambayo mimi naiona ndiyo unafiki wenyewe. Muuguzi akishaingia kwenye rejista ya NMC, lazima ahuishe usajili kila baada ya miaka mitatu. Utaratibu huo ulianza Aprili 2016. Anaonyesha saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza, anaandika tafakuri zake, anazungumza na mwenzake, kwisha. Hafanyi mtihani wowote. Yaani ujuzi wa kuchoma sindano, kupima dawa na kutunza mahututi, vitu ambavyo ukivisahau mtu anazikwa, unaaminiwa kwa miaka mitatu kwa maelezo na saini. Lakini Kiingereza cha mwombaji wa Rungwe hakiaminiwi zaidi ya miwili hata akileta maelezo ya kujaza kapu. Kama kujiendeleza kunathibitisha uuguzi, kwa nini kusithibitishe lugha?

Na wala msidhani alama hizi ziliandikwa kwenye jiwe. Uandishi nao ulikuwa 7.0 zamani. Wauguzi wenye uzoefu, wakiwamo watu waliozaliwa wakizungumza Kiingereza, walikuwa wakianguka kwenye uandishi na kupiga kelele magazetini. Baada ya kura ya Brexit ya 2016 wauguzi wa Ulaya wakapungua, wodi zikakauka. Desemba 2018 uandishi ukashushwa hadi 6.5. Simlaumu aliyeushusha, alifanya la maana. Ninachosema ni kwamba kanuni ilipowauma wenyewe, ilitafakariwa upya. Inayotuuma sisi inaitwa usalama wa mgonjwa.

Kuna kifungu kingine ambacho kila muuguzi wa Tanzania anapaswa kukijua, maana wengi wanakipapasa wakidhani ni mlango wa uani. Inasemekana ukiwa umesoma uuguzi kwa Kiingereza unaweza kusamehewa mtihani. Na sisi si tunasoma kwa Kiingereza? Vitabu Kiingereza, mitihani Kiingereza, faili Kiingereza. Tulieni kwanza. Miongozo ya NMC imedai kwamba angalau nusu ya kozi iwe ya vitendo na wagonjwa, na angalau asilimia 75 ya mazungumzo ya vitendo hivyo, na wagonjwa, jamaa zao na wahudumu wengine, yawe kwa Kiingereza. Haya, mwambieni bibi wa Ikuti aeleze uchungu wa tumbo lake kwa Kiingereza ili mwanafunzi wetu atimize asilimia! Muuguzi aliyezungumza na bibi huyo kwa lugha ya bibi huyo amefanya kazi nzuri kabisa ya uuguzi. Kwa karatasi ya London, kazi hiyohiyo ndiyo inayomnyima msamaha.

Mlango wa tatu ulifunguliwa 2023: barua ya mwajiri. Kama umesoma kwa Kiingereza kwenye nchi isiyo ya Kiingereza, au umekosa nusu alama kwenye eneo moja, mwajiri wako anaweza kukushuhudia. Safi sana. Ila mwajiri huyo lazima awe wa huduma za afya au matunzo huko Uingereza, na uwe umemfanyia kazi mwaka mmoja katika miwili iliyopita. Ilikuwa njia ya waliotangulia kwenda kama walezi wa wazee. Julai 2025 serikali ya Uingereza ikafunga kuajiri walezi wapya kutoka nje. Kwa hiyo mlango upo, ila ngazi imeondolewa.

Nisiwatupie mawe wazungu tu, nyumbani nako kuna moshi. Mwishoni mwa 2021 waziri wa afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza kwa ajili ya Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Kenya hiyo, ambayo sisi tunaiogopa kwa Kiingereza! Wabongo wengi walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana sisi hatujawahi hata kuhesabu wa kwetu.

Vyuo vyetu vinadai vinafundisha kwa Kiingereza. Ukweli mnaujua: slaidi ni za Kiingereza, maelezo ni ya Kiswahili, na mwanafunzi anakariri. Anamaliza miaka mitatu bila kuandika barua moja kamili ya rufaa ya mgonjwa. Na barua ya rufaa ndiyo mtihani wa uandishi wa OET! Unapewa kumbukumbu za mgonjwa, dakika 45, tano kati ya hizo za kusoma tu, unaandika barua ya maneno kama 180 hadi 200 kwa mhudumu mwingine. IELTS yenyewe inakupa saa moja kueleza grafu kwa maneno 150 na kujenga hoja kwa maneno 250, pengine kuhusu utalii au magari ya mijini. Muuguzi wa wodini atajiweza zaidi wapi? Lakini watu wanakimbilia IELTS kwa sababu ndiyo waliyoisikia kwa jirani, na hakuna mwalimu aliyewaambia tofauti.

Najua wapo watakaosema acha saa hiyo iende, Rungwe yenyewe ina upungufu, wakiondoka nani atawazalisha dada zetu? Ningewaelewa kama kila aliyehitimu angekuwa na ajira. Upungufu upo wodini, na wahitimu wapo mitaani, wakisubiri matangazo ya ajira ambayo waombaji wake ni wengi kuliko nafasi. Kumfungia mtu asiye na kazi kwa kutumia tarehe ya cheti hakumzalishi mtu yeyote. Mkitaka wabaki, waajirini. Msijifiche nyuma ya IELTS.

Basi nataka nini? Nataka mambo mawili tu. La kwanza, NMC waruhusu cheti kilichopita miaka miwili kiendelee kuhesabika kwa ushahidi wa kujiendeleza, kama wanavyouhesabu uuguzi wenyewe, na saa ianze kuhesabiwa tangu siku mtu alipokamilisha alama zote, siyo tangu jaribio la kwanza. La pili, Baraza letu na wizara waingize barua ya rufaa na mazungumzo ya wodini kwa Kiingereza kwenye mafunzo ya stashahada, yafundishwe na kusahihishwa kweli, ili kijana asianze kujifunza kuandika akiwa na umri wa miaka 28 kwa pesa ya mkopo.

Mpaka hayo yatokee, ndugu zangu wa Tukuyu, pangeni safari kinyume na mnavyoizoea. Wengi wanaanza na IELTS kwa sababu ndiyo inayoogopesha, halafu ndipo wanaenda kutafuta karatasi. Geuzeni. Pasipoti, kumbukumbu za chuo, uthibitisho wa leseni, maombi kwa waajiri, hivyo vitangulie. Mtihani wa Kiingereza ujiandae nao muda wote, lakini ukaufanye karatasi nyingine zikiwa zimekaribia kukamilika, ili ile miezi 24 ianze kuhesabika ukiwa na mzigo mkononi. Na ukifanya mara ya kwanza ukakosa eneo moja, angalia kwanza kama alama zako zote zimevuka kiwango cha chini cha kuunganisha, kisha hesabu miezi 12 kwenye kalenda, siyo kichwani.

Na wewe unayesoma hapa uliyeko NMC, au una shemeji aliyeko NMC, mwulize swali moja kwa niaba yangu: ni kitu gani hasa kinachotokea kichwani mwa muuguzi usiku ule wa mwezi wa 24?